Jumla Isiyohesabu Mistari Mipya: Pale Eneo la SUM Linapoishia Mapema

Mwishoni mwa Machi, tajiri mmoja wa samaki hapa Lamu aliniita dukani kwake karibu na gati, kwa sababu daftari la fedha na hesabu ya kompyuta havikukubaliana. Daftari lilionyesha kwamba wavuvi walikuwa wamelipwa shilingi 197,550 wiki ile, ilhali jumla iliyokuwa chini ya safu ya malipo katika Excel ilisoma 184,300. Pengo lilikuwa shilingi 13,250, na mtu wa kwanza kutazamwa kwa jicho baya alikuwa karani, kijana anayepima samaki, kulipa na kuandika.

Kosa halikuwa mkononi mwa karani wala katika daftari, bali katika fomula moja iliyokuwa sahihi Jumatatu na ikawa fupi Jumamosi bila mtu yeyote kuigusa. Nimeandika hapa namna ya kulitambua tatizo hili, namna ya kulitenganisha na matatizo mengine yanayofanana nalo, na namna ya kuijenga jumla upya ili lisirudi. Maelezo ni ya Excel ya kompyuta, ndiyo iliyokuwa dukani.

## Dalili inavyoonekana

Karatasi ya tajiri huyu ni nyepesi. Safu A ina tarehe, safu B aina ya samaki, safu C kilo, na safu D malipo kwa shilingi. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, na samaki wanaanzia mstari wa 2. Kila wiki ina karatasi yake, na chini ya kila karatasi pana mstari ulioandikwa JUMLA. Jumatatu ya wiki ile karani alikuta nafasi ya mistari 20, kuanzia 2 hadi 21, na jumla ikiwa katika seli D22:

```
=SUM(D2:D21)
```

Hadi Jumamosi mchana mistari yote 20 ilikuwa imejaa, na jumla ilikuwa sahihi. Jioni ikaja orodha nyingine kwa simu kutoka Kizingitini, yenye samaki wa mistari mitatu: nguru kilo 9 kwa shilingi 4,500, changu kilo 14 kwa shilingi 4,900, na tafi kilo 11 kwa shilingi 3,850. Karani alibofya namba ya mstari wa 22, yaani mstari wa JUMLA wenyewe, akaongeza mistari mitatu juu yake kwa `Insert`, kisha akabandika orodha ile mahali pale. Jumla ilishuka vizuri hadi D25, mistari mipya ikakaa juu yake, na kwa macho kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila namba ya jumla haikuongezeka hata senti moja.

Hiyo ndiyo dalili kuu, nayo inaonekana wakati wa kuandika tu: unaingiza namba mpya na jumla haitikisiki. Ukiipita saa hiyo bila kuitazama, baadaye hakuna alama kubwa ya kukuonya, kwa kuwa fomula haitoi kosa. Inajumlisha kwa usahihi kabisa kile ilichoambiwa ijumlishe.

Kuna sura ya pili ya dalili hiyohiyo, nayo huwapata zaidi wanaoandika kwa haraka. Mtu hasogezi mstari wa JUMLA, bali anaendelea kuandika chini yake, katika mstari wa 23 na 24, akiwa na nia ya kupanga baadaye. Jumla inabaki katikati ya safu, na yaliyo chini yake hayamo. Sababu ni ileile, lakini dawa hutofautiana kidogo, nami nitaieleza mahali pake.

## Kwa nini eneo halikurefuka

Nilimwomba karani abofye seli ya jumla kisha abonyeze F2. Kitufe hicho hufungua fomula na kulizungushia rangi eneo linalohesabiwa. Fremu ilianza D2 ikaishia D21, na chini yake mistari mitatu ya Kizingitini ikabaki nje, myeupe, wazi mbele ya macho yetu.

"Lakini fomula hii sikuigusa, maalim," alisema.

Nilimjibu kwamba hapo ndipo penye tatizo: ilihitaji kuguswa, na yeye aliamini kwamba ingejirekebisha yenyewe. Imani hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa siku nyingine alikuwa ameongeza mistari na jumla ikafuata. Ili kuelewa kwa nini mara hufuata na mara haifuati, inabidi kujua Excel inashika nini hasa.

Fomula `=SUM(D2:D21)` haisemi "jumlisha samaki wote" wala haisemi "jumlisha kila kilicho juu yangu". Inashika ncha mbili tu, seli D2 na seli D21, na kila kilicho kati yao. Ukiongeza mstari mahali popote kati ya ncha hizo, kwa mfano kwa kubofya mstari wa 10, ncha ya chini inasukumwa na kuwa D22, na fomula inajiandika upya kuwa D2:D22. Mstari mpya umo. Hata ukibofya mstari wa 21 wenyewe na kuongeza, mstari mpya unaingia juu yake, ncha inashuka, na hesabu inabaki salama. Lakini ukibofya mstari wa 22, unaongeza chini ya ncha. D21 haikusukumwa, kwa hiyo Excel haina sababu ya kubadilisha kitu. Kinachosogea ni seli ya jumla peke yake, ikiacha nafasi kati yake na eneo inalolihesabu, na samaki wapya wakaingia katika nafasi hiyo.

Tofauti ya mstari mmoja, basi, ndiyo inayoamua. Na kwa bahati mbaya mahali ambapo mtu huongeza kwa kawaida ni palepale pabaya, kwa sababu samaki wa mwisho kufika huandikwa mwisho, juu tu ya jumla.

Kinachozidi kuchanganya ni kwamba Excel ina mpangilio unaoitwa `Extend data range formats and formulas`, unaopatikana katika `File`, `Options`, kisha `Advanced`. Ukiwa umewashwa, na ukichapa namba kwa mkono katika mstari mpya unaofuatana moja kwa moja na eneo la jumla, mara nyingi Excel hurefusha eneo lenyewe. Hiyo ndiyo ile siku ambayo karani aliona jumla ikifuata. Lakini Jumamosi hakuchapa, alibandika, na msaada ule hautegemewi kwa kitu kilichobandikwa, wala kwa namba iliyoandikwa baada ya kuruka mstari mtupu. Kwa maoni yangu mpangilio huu unasaidia leo na kudanganya kesho, kwa sababu unamzoesha mwandishi tabia inayofanya kazi siku tisa na kumwangusha siku ya kumi. Sishauri uzimwe, lakini nashauri hesabu isijengwe juu yake.

Njia nyingine ya eneo kuwa fupi ni kufuta. Ukiufuta mstari mzima wa 21 kwa sababu mvuvi amerudisha fedha, ncha inapanda na fomula inakuwa D2:D20. Hapo jumla bado ni sahihi. Kisha ukiongeza mstari juu ya JUMLA ili kuandika samaki mwingine badala yake, mstari huo unakuwa nje, ingawa idadi ya mistari ni ileile ya mwanzo na karatasi inaonekana haikubadilika.

## Kuhakikisha kwamba tatizo ni hili na si jingine

F2 inatosha karatasi inapokuwa fupi. Ikiwa na mistari mia tatu, jicho huchoka, na ni rahisi kuona fremu ndefu ukadhani imefika mwisho. Kwa hiyo natumia seli moja ya ukaguzi, naiweka nje ya safu inayokaguliwa, kwa mfano F1. Kwa karatasi ya tajiri, jumla ikiwa imeshuka hadi D25, niliandika hivi:

```
=SUM(D:D)-2*D25
```

Mantiki yake ni hii. `SUM(D:D)` inajumlisha safu nzima, yaani malipo yote pamoja na seli ya jumla yenyewe. Kama jumla imehesabu malipo yote, basi safu nzima ni sawa na jumla mara mbili, na jibu la ukaguzi ni sifuri. Kama kuna malipo yaliyoachwa nje, jibu ni kiasi hasa kilichoachwa. Kwetu safu nzima ilikuwa 197,550 na 184,300 kwa pamoja, yaani 381,850. Jumla mara mbili ni 368,600. Tofauti ikasoma 13,250, ileile iliyokosekana katika daftari. Tajiri aliitazama namba hiyo kwa muda, kisha akamgeukia karani na kumwambia, "Keti, mwanangu." Hadi hapo kijana alikuwa amesimama.

Seli hii ya ukaguzi ina sifa mbili nzuri. Kwanza, rejeo la D25 ndani yake linafuata seli ya jumla popote inaposukumwa, kwa hiyo huna haja ya kuiandika upya kila mistari inapoongezeka. Pili, inakamata pia zile namba zilizoandikwa chini ya JUMLA, kwa kuwa safu nzima haijali juu wala chini. Mipaka yake ni kwamba haifai kama safu ina jumla ndogondogo katikati, na itadanganywa kama kichwa cha safu ni namba tupu, kwa mfano mwaka.

Sasa, ikiwa ukaguzi unasoma sifuri na bado jumla hailingani na fedha, usiendelee kuitafuta ncha ya eneo, kwani si huko. Sababu inayofuata kwa wingi, katika hesabu za huku kwetu, ni namba zilizoingia kama maandishi. Mtu akiandika `4,900/=` kama tulivyozoea kuandika katika risiti, Excel haioni namba, inaona maneno, na SUM inayaruka kimya. Seli hiyo iko ndani ya fremu ya rangi lakini haihesabiwi, na ukaguzi wangu hauioni kwa kuwa inarukwa pande zote mbili. Utaitambua kwa kutazama upande inaoegemea: namba huegemea kulia mwa seli, maandishi huegemea kushoto, isipokuwa kama mtu ameyapanga kwa mkono. Dawa ya hiyo ni kuchagua safu, kubonyeza Ctrl na H, kutafuta `/=` na kuibadilisha kwa kuacha nafasi ya pili tupu.

Kuna pia kompyuta ambazo hesabu yake imewekwa iende kwa amri tu. Hapo hakuna jumla inayobadilika katika karatasi yoyote hadi ubonyeze F9, na ukanda wa chini ya dirisha huwa umeandikwa `Calculate`. Ikibadilika baada ya F9, nenda `Formulas`, kisha `Calculation Options`, uchague `Automatic`.

Neno moja kuhusu pembetatu ndogo ya kijani. Excel huiweka kwenye kona ya seli ya jumla inapohisi kwamba kuna namba jirani zilizoachwa, na ukiibofya alama inayotokea kando yake utasoma `Formula Omits Adjacent Cells`. Chini yake kuna `Update Formula to Include Cells`, ambayo hurefusha eneo mara moja. Ni onyo la kweli na linafaa kusomwa. Lakini halionekani kila mara: huenda mtu alikwisha kuchagua `Ignore Error` zamani, au ukaguzi umezimwa, au kuna mstari mtupu kati ya eneo na namba mpya. Katika karatasi ya tajiri pembetatu ilikuwapo. Karani aliiona tangu saa ile ya jioni, akadhani ni pambo.

## Mtego wa bei ya wastani

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo mahali ambapo tajiri alijiridhisha mapema kwamba kompyuta haina kosa.

Kando ya jumla mbili, ya kilo na ya malipo, nje ya safu hizo, ana seli inayogawanya malipo kwa kilo ili ajue amenunua kwa wastani gani. Ndiyo namba anayoitazama kuliko zote, maana ndiyo inayomwambia kama bei yake ya kuuzia itamlipa. Wiki ile ilisoma shilingi 392.1 kwa kilo, namba ya kawaida kwake, na kwa hiyo akaona hesabu iko sawa na kosa liko kwa aliyeshika fedha.

Lakini safu ya kilo ilikuwa na ugonjwa uleule. Jumla yake ilisoma kilo 470 kwa fomula iliyoishia C21, ikiwa imeacha kilo 34 za Kizingitini. Malipo 184,300 kwa kilo 470 ni 392.1. Hesabu kamili ni 197,550 kwa kilo 504, nayo ni 392.0. Kwa kuwa jumla zote mbili ziliacha mistari ileile, wastani ulibaki karibu palepale. Uwiano wa namba mbili zilizopungua kwa pamoja hauwezi kukuonyesha kwamba zimepungua.

Na upande wa pili wa mtego huu unamngoja mrekebishaji. Ukirefusha safu ya malipo pekee na kuisahau ya kilo, unapata 197,550 kwa kilo 470, yaani 420.3. Ghafla samaki wanaonekana wamepanda bei kwa shilingi 28 kwa kilo, na mtu anaweza kwenda kugombana na wavuvi kwa namba hiyo. Kwa hiyo ukikuta safu moja fupi, kagua kila fomula iliyo katika mstari uleule wa JUMLA kabla ya kufunga faili. Kagua pia fomula nyingine zinazotaja eneo hilo, kama `SUMIF` au `COUNT`, na grafu pia, kwa kuwa zote hushika ncha kwa namna ileile.

## Kurekebisha

Dawa ya papo hapo ni kubofya jumla, kubonyeza F2, kushika kona ya chini ya fremu na kuivuta hadi mstari wa 24, kisha kubonyeza Enter. Tulifanya hivyo kwa D na kwa C, na pengo likafutika. Ila hii ni kuziba tundu la leo: ncha sasa ni D24, na mstari utakaoongezwa kesho juu ya JUMLA utabaki nje vilevile.

Kama namba zimeandikwa chini ya JUMLA, usiirefushe fomula kuzifuata. Ukifanya hivyo eneo litaipita seli ya jumla yenyewe, na Excel itakuonya kwamba fomula inajizunguka. Chagua mstari wa JUMLA, ukate kwa Ctrl na X, uubandike chini ya mstari wa mwisho, ufute mstari mtupu uliobaki, ndipo ulirefushe eneo.

Kwa dawa ya kudumu, iliyo rahisi kuliko zote ni mstari wa mpaka. Unaacha mstari mmoja mtupu kati ya data na JUMLA, unaupaka rangi ya kijivu, unaupunguza kimo, na unauingiza ndani ya eneo. Kwa karatasi yetu mpaka ulikuwa mstari wa 25 na jumla ikashuka hadi D26:

```
=SUM(D2:D25)
```

Sasa ncha ya chini ni mstari wa kijivu, ambao hauna namba. Karani anabofya mstari huo na kuongeza. Mistari mipya inaingia juu yake, ncha inasukumwa, na jumla inafuata kila mara, awe amechapa au amebandika. Katika safu A ya mstari huo tuliandika "Ongeza juu ya mstari huu". Udhaifu wake ni wa kibinadamu: siku moja mtu ataona nafasi tupu na kuandika samaki ndani yake. Samaki huyo atahesabiwa, lakini kuanzia hapo mpaka hauko tena.

Hila hiyo ina ndugu yake upande wa juu. Ukiongeza mstari juu ya samaki wa kwanza, ncha ya juu inashuka kuwa D3, na aliye D2 anabaki nje. Ukianzisha eneo kwenye kichwa, D1, hilo halitokei, kwa kuwa SUM hairuhusu neno "Malipo" kuingia katika hesabu. Jihadhari tu kichwa kisiwe namba.

Kama hutaki mstari wa kijivu, unaweza kuiambia fomula iishie juu yake yenyewe, popote itakapokuwa:

```
=SUM(D2:INDEX(D:D,ROW()-1))
```

`ROW()` ni namba ya mstari ambamo fomula imekaa. Ikiwa katika mstari wa 25, ukitoa moja unapata 24, na `INDEX` inakuletea seli ya 24 katika safu D kuwa ncha ya chini. Ukiongeza mistari mitatu juu ya jumla, fomula inakuwa katika mstari wa 28 na ncha inakuwa 27 bila mtu kugusa. Ninaipenda kwa usahihi wake, lakini siiachi kwa kila mtu: anayeifungua kwa F2 haoni mara moja inaishia wapi, na asiyeielewa huishia kuifuta na kuandika ile ya zamani. Pia haisaidii chochote kwa anayeandika chini ya JUMLA.

Dawa niliyoichagua kwa duka lile ni jedwali la Excel lenyewe. Kwanza tulifuta mstari wa kijivu, kisha mstari wa JUMLA wote, kwa sababu huo wa JUMLA ukiuacha utamezwa kama samaki mmoja mkubwa na hesabu itakuwa maradufu. Kisha tulibofya ndani ya data, tukabonyeza Ctrl na T, tukathibitisha kwamba mstari wa kwanza ni vichwa. Katika kichupo cha `Table Design` tukatia alama `Total Row`, na chini ya malipo ikatokea fomula hii:

```
=SUBTOTAL(109,[Malipo])
```

Hakuna D2 wala D21 tena. Fomula inataja safu kwa jina lake, na safu inarefuka pamoja na jedwali. Kuongeza mstari ni kuingia seli ya mwisho ya mstari wa mwisho wa samaki, upande wa kulia, na kubonyeza Tab: mstari mpya unafunguka na JUMLA inashuka. Karani aliifanya mara tatu mfululizo akitazama namba ya chini ikibadilika, kisha akafuta yale ya majaribio.

Mambo mawili yanahitaji kujulikana kabla ya kuihamia njia hii. La kwanza, namba 109 inaiambia fomula isihesabu mistari iliyofichwa au kuchujwa. Ukichuja uone nguru peke yake, jumla inakuwa ya nguru peke yake, na ukisahau kuondoa mchujo utarudi kulekule kwenye jumla iliyopungua, safari hii kwa sababu nyingine. Tazama namba za mistari upande wa kushoto: zikiwa na rangi ya buluu na zikirukaruka, mchujo upo. La pili, karatasi ikifungwa kwa `Protect Sheet`, jedwali halirefuki, kwa hiyo usiifunge karatasi ambayo karani anaandika kila siku.

## Karatasi za nyuma

Tulipomaliza `Wiki 13`, nilimuuliza karani karatasi ya kila wiki huanzaje. Akasema hunakili ya wiki iliyotangulia, akafuta namba, akaanza upya. Hiyo ilimaanisha kwamba eneo fupi huweza kusafiri: ukinakili karatasi ambayo fomula yake inaishia D21 na mistari yake inafika 24, wiki mpya inazaliwa tayari na mistari mitatu isiyohesabiwa, hata kabla mtu hajaongeza kitu.

Kwa hiyo tulirudi nyuma, karatasi moja baada ya nyingine, tukiandika ukaguzi katika F1 na kubadilisha tu namba ya seli ya jumla. Bahari ya kaskazi ilikuwa shwari na mashua zilileta samaki wengi, kwa hiyo mistari ilikuwa imeongezwa karibu kila wiki. `Wiki 12` ilisoma sifuri. Mistari yake ilikuwa imeongezwa katikati. `Wiki 11` sifuri. `Wiki 10` ilisoma 2,800, na tulipoteremka chini tulimkuta pweza wa kilo 8, kwa shilingi 350 kila kilo, ameandikwa peke yake mistari miwili chini ya JUMLA. Tajiri alifungua daftari, akakuta malipo hayo kwa mwandiko wake mwenyewe, akayatia alama kwa kalamu nyekundu, na tukaendelea na `Wiki 9`.